Ruhusa ya enspekta kwanza, barua ya kufukuza nyuma



Mufanyakazi akifukuzwa, watu wanauliza: "Alifanya nini?" Lakini akifukuzwa delege wa sendika, hilo swali halipashwe kuwa la kwanza. La kwanza ni hili: "Enspekta wa kazi alikubali?" Kama enspekta hakukubali, ile barua ya kufukuza haiwezi kufanya kazi yake, hata kama direktere mwenyewe aliitia saini na kuipiga kashe mara tatu.

Wengi hawajue hii sheria. Mapatro wanaijua, na wengine kati yao wanafurahi kuona sisi hatuijue. Njo maana leo tunaizungumuzia polepole, kwa sababu wengi kati yetu tuko tunaingia mu kazi sasa: mu kompani za migodi, mu maduka makubwa, mu viwanda, mu kampuni za ulinzi. Siku moja watatuomba tuchague delege. Siku ingine wenzetu watatuambia: "Wewe njo utatusemea."

Delege si mukubwa wa sendika mwenye kukaa ku biro katikati ya mji. Ni mufanyakazi kama wengine, mwenye alichaguliwa na wenzake ndani ya kompani, kwa kura. Ana siplea wake, naye amechaguliwa, mwenye kuchukua nafasi yake kama hayuko. Asubui anavaa kombinezo sawa na wengine. Saa ingine anaingia ku biro ya direksio kusema kwamba mishahara imechelewa, kwamba gan za kazi zimepasuka, kwamba masaa ya ziada hayakulipwa. Kisha anatoka kule, na mwisho wa mwezi analipwa na yule yule mwenye ametoka kumulaumu. Shida yote inatokea hapo. Mwenye anapashwa kusema bila woga, chakula cha watoto wake kiko mu mukono wa mwenye anasemewa.

Mu Lubumbashi wazee wetu walijua bei ya kusema bila kinga. Mu Desemba 1941, wakati mji ulikuwa unaitwa Elisabethville, wafanyakazi weusi wa Union Minière waligoma kwa ajili ya mishahara. Sheria ya ukoloni haikuwapa haki ya kuwa na sendika yao. Léonard Mpoyi alikuwa mumoja wa wale walisimama kuwasemea wenzake. Aliuawa kwa risasi, yeye na wengine wengi. Leo patro hahitaji risasi. Barua moja ya kufukuza inatosha kufunga midomo ya kiwanda kizima, kwa sababu wenye wanabakia wanaelewa somo mara moja.

Juu ya hiyo, sheria ya kazi ya Congo, ile ya tarehe 16 Oktoba 2002, imeweka ukuta mbele ya delege. Tutaje mawe mawili ya huo ukuta.

La kwanza liko mu kifungu cha 62. Kinasema patro hawezi kumuachisha mutu kazi bila sababu yenye maana, na kinataja mambo yenye hayawezi kamwe kuwa sababu. Kati ya hayo kuna hili: kuomba, kuwa nacho, au kuwa ulikuwa nacho zamani, cheo cha kuwakilisha wafanyakazi. Kuna pia kazi za sendika zenye unafanya nje ya masaa ya kazi, ao ndani ya masaa ya kazi kama patro amekubali. Mushike hayo maneno ya mwisho, "kama patro amekubali". Tutarudia juu yake, kwani njo mulango wenye wengi wanapitia kumuangusha delege.

La pili liko mu kifungu cha 258. Kila kufukuzwa kwa delege, awe delege mwenyewe ao siplea, kunapashwa kupelekwa kwanza kwa enspekta wa kazi wa eneo ile, ili akubali. Sheria inasema "kila kufukuzwa". Haisemi kwamba wakati patro anatoa sababu ya kosa kubwa, lile wanaita fote lurde, njia inafupishwa. Tena, kama enspekta akikubali na kontra ni ya muda usio na mwisho, preavi ya delege inakuwa mara mbili ya preavi ya mufanyakazi wa kawaida, na haiwezi kushuka chini ya miezi mitatu.

Sasa tuchukue mufano, tuufuate mpaka mwisho. Tumeutunga sisi wenyewe, hausemi kompani yoyote, lakini mwenye amefanya kazi mu kiwanda atajua harufu yake.

Mama mumoja ni delege mu kiwanda cha unga. Ana miaka 6 ya kazi, kontra yake haina mwisho, analipwa dola 250 ku mwezi. Kazi yake ni ku mashini ya kujaza mifuko. Siku ya Jumanne, saa ine ya asubui, wanamuita: kijana wa depo ameumia mukono, na shefu wa depo anakatala kuandika kwamba ameumia ku kazi. Mama anamuambia shefu wake wa ekipe. Yule anajibu: "Enda tu, mama, lakini rudia mbio." Anaenda. Anakaa kule saa moja na nusu, mpaka kijana anaandikiwa na kupelekwa ku hospitali. Anarudia ku mashini.

Hakuna karatasi yenye ilitoka. Pwentaje ya kiwanda inaonyesha tu kwamba ku mashini ya mifuko hakukuwa mutu kwa saa moja na nusu. Juma tatu zinapita. Mazungumuzo ya mishahara yanaanza, mama anasema kwa nguvu. Ijumaa ya juma ile anapewa barua: amefukuzwa kwa fote lurde, ameacha kazi bila ruhusa. Na shefu wa ekipe, mwenye alisema "Enda tu, mama", leo hakumbuke kitu. Naye ana watoto.

Muone ginsi mutego umefungwa. Ile saa yenye alitumia kumusemea mwenzake njo imekuwa kosa. Hakuna mwenye ameandika "tunakufukuza juu ya sendika". Wameandika "umeacha mashini". Kifungu cha 62 kinalinda kazi ya sendika ndani ya masaa kama patro amekubali, na sasa patro anasema: "Mimi sikukubali." Njo pale tunaona kwamba masaa ya delege na kinga ya kufukuzwa ni kitu kimoja. Mwenye hana saa yenye inajulikana na kuandikwa, kinga yake ina tundu.

Delege ana haki ya hiyo saa? Ndiyo. Congo iliridhia konvansio namba 135 ya Shirika la Kazi la Dunia, ya mwaka 1971, yenye inasema wawakilishi wa wafanyakazi wapewe njia ya kufanya kazi yao mbio na muzuri. Mapendekezo namba 143, yenye yalitoka pamoja nayo, yanaeleza zaidi: delege apewe wakati wenye anahitaji, bila kupoteza mushahara wala faida zingine. Yanasema pia kwamba anaweza kuombwa ruhusa kwa shefu wake kabla ya kutoka, lakini shefu hawezi kukatala bila sababu ya kweli. Na kompani inaweza kuweka kipimo cha masaa, kama hicho kipimo ni cha akili.

Hapa tunasema neno kwa wale wanaona delege kama muvivu mwenye kutafuta kutoka ku mashini. Hiyo saa inalipwa kwa sababu ni kazi. Lakini kulipwa hakuishi ku mushahara wa msingi. Mu kompani nyingi kuna primi ya kutokosa, ao primi ya idadi ya mifuko. Kama mama wetu analipwa dola zake 250 zote, lakini mwisho wa mwezi primi yake inakatwa juu ya ile saa na nusu, basi amelipishwa faini kwa kuwa delege. Delege mwenye anaona hivyo mara mbili, mara ya tatu hataenda ku depo. Hivyo, ku karatasi ya mulipo muangalie mustari wa primi pia. Pale njo adhabu inajificha.

Dawa ya huo mutego ni karatasi ndogo. Mu kompani zenye zinafanya muzuri, kuna daftari ao karatasi ya kutoka kwa delege: jina, tarehe, saa ya kutoka, saa ya kurudia, pahali anaenda, saini ya shefu. Haina lazima ya kuandika siri za mufanyakazi mwenye anaenda kusaidia. Inatosha kuandika "kazi ya delegasio". Kama kompani haina hiyo karatasi, delege aitengeneze mwenyewe mu kaye. Shefu akikatala kutia saini, delege amutumie ujumbe wa simu kabla ya kutoka: "Shefu, saa ine naenda ku depo kama delege, kuna mwenye ameumia." Huo ujumbe una saa yake. Kesho hakuna mwenye atasema hakujua.

Turudie kwa mama wetu na barua yake ya Ijumaa. Afanye nini?

Kwanza, aangalie tarehe. Kwa fote lurde, sheria inamupa patro siku 15 za kazi tangu alijua lile kosa, ili amuandikie mufanyakazi kwamba anavunja kontra. Zikipita, anahesabiwa kuwa ameachilia. Tangu Jumanne ile mpaka Ijumaa ya juma ya tatu nyuma yake, hesabu ya siku za kazi inapita 15. Pale peke yake barua ina shida. Patro atasema alijua nyuma. Sawa, lakini pwentaje inasomwa kila siku, na yeye njo atapashwa kueleza kwa nini aliona tundu juma tatu nyuma, wakati mazungumuzo ya mishahara yameanza.

Pili, wakimuletea karatasi ya kupokea, asiandike "nimesoma na nimekubali". Aandike "nimepokea, sikubali", tarehe na saini. Wakimuletea barua yenye inasema ameacha kazi kwa mapenzi yake, na pesa mu anveloni, asiishike. Hiyo njo njia ya patro mwenye anajua kwamba enspekta hatakubali: kama delege amejitoa mwenyewe, hakuna kufukuza, na kama hakuna kufukuza, hakuna ruhusa ya kuomba.

Tatu, aende ku biro ya enspekta wa kazi, kesho yake kama anaweza. Apeleke kontra, barua ya kufukuza, karatasi ya matokeo ya kura yenye inaonyesha kwamba ni delege, na kopi ya ujumbe ao ya kaye. Aache barua yake mwenyewe na apate kashe ya kupokea ku kopi yake. Mu ile barua aulize swali moja tu: "Patro aliomba ruhusa ya kunifukuza? Kama aliomba, ulijibu nini?" Sendika yake iandike barua ile ile. Tunasisitiza kuandika, kwa sababu neno la ku koridori halisomwe mu tribinali.

Enspekta anaita pande mbili kwa mapatano. Hii hatua si ya heshima tu: bila kupita pale, tribinali ya kazi haiwezi kupokea kesi ya mufanyakazi mumoja. Wakipatana, inaandikwa. Wasipopatana, inaandikwa pia, na ile karatasi ya kutopatana njo ufunguo wa tribinali. Mama asitoke bila kopi yake.

Mu tribinali, kifungu cha 63 kinafungua njia mbili. Kama kufukuzwa hakukuwa na sababu yenye maana, ana haki ya kurudishwa ku kazi. Kama harudishwe, analipwa fidia yenye jaji anapima, bila kupita mishahara ya miezi 36. Kwa mama wetu, 36 mara 250 ni dola 9.000. Hiyo ni kipimo cha juu kabisa, si ahadi. Jaji anaangalia aina ya kazi, miaka ya kazi, umri na mengine.

Na kama enspekta alikubali? Basi preavi ihesabiwe sawasawa. Mufanyakazi wa kawaida, kifungu cha 64: siku 14 za kazi, na siku 7 za kazi kwa kila mwaka muzima. Miaka 6 inaleta 42, na 14 juu yake ni 56. Kwa delege ni mara mbili: siku 112 za kazi, zaidi ya miezi ine. Delege mwenye mwaka mumoja tu atapata 21, mara mbili ni 42, na hiyo haifike miezi mitatu. Basi kwake inapanda mpaka miezi mitatu. Mwenye amepewa preavi ya mwezi mumoja na ni delege, ajue kwamba wamemuibia. Lakini kama enspekta alikubali fote lurde ya kweli, preavi haiko, kwani fote lurde inavunja kontra pale pale.

Tuseme pia pahali ukuta unaishia, ili mutu asijidanganye.

Kinga hailinde wizi. Delege mwenye anaiba mafuta ya jenereta, ao anamupiga mwenzake, anaweza kufukuzwa. Sheria inaomba tu kwamba mutu wa nje, enspekta, aangalie mbele kama kosa ni la kweli ao ni kisingizio. Hiyo inamulinda delege mwema, na inamuacha mubaya aende zake.

Kinga inalegea sana kwa kontra ya muda. Ile preavi ya mara mbili ni ya kontra isiyo na mwisho. Kontra yenye ina tarehe ya mwisho, tarehe ikifika inaisha, na patro anasema: "Sikumufukuza, sikuongeza tu." Vijana wengi wako mu kontra za miezi sita, tatu, hata moja moja. Unaweza kuchaguliwa delege leo, na Desemba ukajikuta nje bila hata barua. Njo maana mu sehemu ingine tunaona wazee peke yao wanaomba kura: vijana hawawezi kuhatarisha kontra.

Tena iko sutretansi. Ku migodi ya Kolwezi na Likasi, wafanyakazi wengi hawaandikwe na kompani yenye mugodi. Wanaandikwa na kompani ingine yenye inawaleta kila asubui. Delege wa mugodi hana kura zao, na kwao wenyewe mara nyingi hakuna delege. Mutu anafanya kazi mbele ya lango moja na mwenzake, lakini ukuta wa kifungu cha 258 unamufunika mumoja na kumuacha mwingine ku jua.

Kwa hiyo tunaomba mambo matatu, na tunayaomba wazi.

Kwa maenspekta wa kazi: ombi la kumufukuza delege likifika, muite delege mumusikilize kabla ya kujibu, na jibu liandikwe na sababu yake. Ruhusa yenye imetolewa bila kumusikia mwenye anafukuzwa ni kashe tu.

Kwa mapatro: muweke daftari ya masaa ya delege ku kila sehemu ya kazi, na muandike kwamba primi haikatwe juu ya ile saa. Hamutapoteza kitu mukiwa wakweli. Daftari inamulinda pia shefu wa ekipe mwenye alisema "Enda tu".

Kwa wafanyakazi wenyewe: siku delege wenu anafukuzwa, musikimbilie kuuliza alifanya nini. Mwende watatu ao wane mpaka ku biro ya enspekta, na barua mu mukono, muulize kama alikubali. Na wewe mwenye ulimuona akiandikisha kijana wa depo, uandike hilo ku karatasi, na jina lako na saini, wakati ungali unakumbuka saa.